SOMO LA HESABU ZA SAFARI: Basi la moja kwa moja, au kuunganisha na treni?



Katika masomo yaliyopita tulijifunza kujumlisha na kutoa saa na dakika. Leo tutazitumia hesabu hizo katika safari. Chukua kalamu na daftari, maana kuna tarakimu za kuandika.

Mara nyingi msafiri hukuta njia mbili. Njia ya kwanza ni gari moja tu, la polepole, linalokuchukua hapa na kukushusha kule. Njia ya pili ni ya haraka, lakini unashuka katikati na kupanda chombo kingine. Watu husema "unaunganisha". Shida huja pale ambapo chombo kimoja kati ya hivyo viwili ni adimu, yaani hupita mara chache kwa siku. Hapo haraka yaweza kugeuka kuwa kuchelewa.

Tuchukue mfano wa mahali tunapopajua. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Tarehe 25 Julai mwaka huo huo ikafika Dodoma. Tangu hapo wanavijiji wengi wa mkoa wa Morogoro wana njia mbili za kwenda Dar es Salaam: basi la moja kwa moja, au haisi mpaka Morogoro na kisha treni.

Msafiri wetu

Msafiri wetu ni mama mmoja, mkulima wa mahindi karibu na Dumila, kando ya barabara ya Dodoma. Ana mtoto mgonjwa. Kadi ya mtoto inasema aonane na daktari hospitali ya Muhimbili saa 9:00 alasiri. Akikosa siku hiyo atapangiwa siku nyingine, na mtoto ataendelea kungoja.

Saa tutakazotumia hapa ni za mfano, ili tupate hesabu. Ratiba hubadilika. Kabla ya safari yako, soma ratiba iliyobandikwa kituoni au mwulize mtu aliyesafiri juzi.

Njia ya kwanza: basi

Basi linapita Dumila saa 12:00 asubuhi. Linakwenda saa 6 na kufika stendi ya Mbezi saa 6:00 mchana. Lakini Mbezi siyo Muhimbili. Kutoka stendi mpaka hospitali mama atapanda gari jingine la mjini, na kwa foleni za Dar es Salaam tuweke saa 1 na nusu. Basi atafika saa 7:30 mchana.

Safari yote ni saa 7 na nusu. Na kutoka saa 7:30 mpaka saa 9:00 anabakiwa na akiba ya saa 1 na nusu.

Njia ya pili: haisi na treni

Mama anapanda haisi saa 12:00 asubuhi. Hana haja ya kufika Msamvu, kwenye stendi ya mabasi. Kituo cha treni ya umeme kiko Kihonda, na mtu anayetoka Dumila hufika Kihonda kabla ya Msamvu. Anashuka hapo, anachukua bodaboda au bajaji, na saa 1:30 asubuhi yuko kituoni.

Treni yetu ya mfano inaondoka saa 3:00 asubuhi na kufika Dar es Salaam saa 5:00. Kituo cha Dar es Salaam kiko katikati ya mji, siyo mbali na Muhimbili. Tuweke nusu saa. Mama atafika hospitali saa 5:30 asubuhi.

Safari yote ni saa 5 na nusu. Ukitoa 5 na nusu kutoka 7 na nusu, unapata 2. Kwa njia ya treni mama ameokoa saa 2.

Wengi wetu tungekomea hapa na kusema, "Haya, twende na treni." Lakini hesabu bado haijaisha.

Chombo adimu

Haisi za kwenda Morogoro ni nyingi. Tuseme inapita moja kila baada ya dakika 20. Ukiikosa moja, unapanda inayofuata, na umepoteza dakika 20 tu. Mtu akienda barabarani bila kuangalia saa, mara nyingine ataikuta haisi imesimama, mara nyingine atangoja dakika 20 kamili. Kwa wastani atangoja dakika 10, yaani nusu ya muda ulio kati ya gari moja na jingine.

Treni ni jambo jingine. Katika mfano wetu kuna treni mbili tu mchana: moja saa 3:00 asubuhi, na nyingine saa 9:00 alasiri. Kati yake kuna saa 6. Mtu akifika kituoni katikati ya saa hizo bila kujua ratiba, kwa wastani atangoja saa 3. Tumeona kwamba treni iliokoa saa 2 tu. Hesabu ile ilikuwa na kungoja saa 1 na nusu, kutoka 1:30 mpaka 3:00. Sasa kungoja saa 3 kumeongeza saa 1 na nusu, na katika zile saa 2 imebaki nusu saa tu ya faida.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza: chombo cha mara kwa mara unakiendea wakati wowote, lakini chombo adimu unakiendea kwa ratiba. Usipoijua ratiba yake, panda basi la moja kwa moja.

Namna mbili za kuchelewa

Tuseme haisi imechelewa. Sote tunazijua haisi. Konda anaita, "Mama, panda, tunaondoka sasa hivi!" Mama anapanda na mtoto. Kumbe viti vitano bado vitupu. Gari linakaa dakika 40 likisubiri abiria. Halafu Dakawa linasimama tena kupakia magunia.

Je, mama ana akiba kiasi gani? Atafika kituoni saa 1:30, na treni inaondoka saa 3:00. Usiseme akiba ni saa 1 na nusu. Milango ya kituo hufungwa kabla ya treni kuondoka. Katika mfano wetu inafungwa nusu saa kabla, yaani saa 2:30. Basi akiba ya kweli ni kutoka 1:30 mpaka 2:30. Ni saa 1 tu.

Sasa angalia. Haisi ikichelewa dakika 40, mama bado anapanda treni na kufika Muhimbili saa 5:30 vilevile. Hakupoteza hata dakika moja. Ikichelewa dakika 55, hali ni hiyo hiyo. Lakini ikichelewa saa 1 na dakika 5, milango imefungwa. Treni inayofuata ni ya saa 9:00 alasiri, nayo itafika Dar es Salaam saa 11:00 jioni. Daktari atakuwa amekwisha kwenda nyumbani. Dakika 5 zimemgharimu mama saa 6.

Basi la moja kwa moja halifanyi hivyo. Likichelewa dakika 5, unafika umechelewa dakika 5. Likichelewa saa 1, unafika umechelewa saa 1. Kuchelewa kwake ni kama kuteremka kilima taratibu. Kuchelewa kwa kuunganisha ni kama kutembea kuelekea ukingo wa kisima. Hatua nyingi hazikudhuru, lakini ile moja ya mwisho inakutumbukiza.

Kwa hiyo usiulize tu, "Haisi hutumia muda gani?" Uliza, "Je, katika safari kumi, ni ngapi haisi hii huchelewa zaidi ya akiba yangu?" Swali hili majirani wanaweza kulijibu, kwa sababu wanasafiri.

Safari kumi

Tuseme majirani wamejibu hivi: "Katika safari kumi, mara nane utaiwahi treni, mara mbili utaikosa."

Akiikosa, siyo lazima angoje mpaka saa 9:00. Anaweza kwenda Msamvu na kupanda basi. Tuseme anaondoka Msamvu saa 3:00 asubuhi. Atakwenda saa 4 na nusu mpaka Mbezi, na saa 1 na nusu mpaka hospitali. Jumla ni saa 6. Atafika saa 9:00 alasiri hasa. Kama angepanda basi tangu Dumila angefika saa 7:30. Basi amepoteza saa 1 na nusu, na huenda na pesa ya tiketi ya treni pia.

Andika daftarini:

Safari 8 x saa 2 alizookoa = saa 16.
Safari 2 x saa 1 na nusu alizopoteza = saa 3.
16 toa 3 = saa 13 alizookoa katika safari 10.

Kwa mtu anayekwenda kusalimia ndugu, hesabu hii ni nzuri. Kila safari anaokoa zaidi ya saa 1 kwa wastani, na siku akikosa treni hakuna kilichoharibika. Atafika jioni, nao watampa chakula.

Lakini mama mwenye kadi ya daktari hasafiri mara kumi. Anasafiri mara moja. Ile mara mbili katika kumi ikimwangukia yeye, atafika saa 9:00 hasa, na foleni ndogo tu itamfanya akose. Zile saa 2 alizotazamia kuokoa hazina faida kubwa kwake. Akifika saa 5:30 atakaa kwenye benchi akisubiri saa 9:00. Yeye hatafuti kufika mapema sana. Anatafuta kutochelewa.

Hii ndiyo kanuni ya pili: mtu asiye na miadi aangalie wastani, na mtu mwenye miadi aangalie siku mbaya.

Je, basi halina siku mbaya?

Linayo. Akiba yake ni saa 1 na nusu. Ajali barabarani, mvua kubwa, au foleni ya kuingia Dar es Salaam yaweza kuimaliza yote. Treni ikishaondoka Morogoro, haipiti katika foleni hiyo. Mama akiwahi treni, atakuwa na akiba ya kutoka saa 5:30 mpaka saa 9:00, yaani saa 3 na nusu. Hatari yote ya njia ya treni iko mahali pamoja tu: kati ya Dumila na mlango wa kituo cha Kihonda. Ukiiondoa hatari hiyo, njia ya treni inakuwa salama kuliko basi.

Inaondolewaje? Kwa kutoka mapema. Mama apande haisi ya saa 11:00 alfajiri. Atafika kituoni saa 12:30 asubuhi, na milango itafungwa saa 2:30. Akiba sasa ni saa 2 badala ya 1. Hata konda akisubiri abiria na kupakia magunia, bado atawahi. Safari yote inakuwa saa 6 na nusu. Basi ni saa 7 na nusu. Faida imepungua kutoka saa 2 kuwa saa 1, lakini hatari imepungua zaidi.

Huu ndio ujanja wa kuunganisha. Sehemu ya muda unaookoa unairudisha kama akiba. Kama baada ya kuweka akiba ya kutosha faida yote imekwisha, basi kuunganisha hakuna maana. Panda gari la moja kwa moja ukalale kwenye kiti.

Lakini mama aulize kwanza kama kweli kuna haisi saa 11:00 alfajiri. Kama haisi ya kwanza ni ya saa 12:00, akiba itabaki saa 1 tu. Hapo achague basi, au alale kwa ndugu Morogoro usiku wa kuamkia siku ya miadi.

Kurudi siyo sawa na kwenda

Wengi hufikiri njia iliyofaa kwenda itafaa kurudi. Siyo hivyo. Wakati wa kwenda, chombo adimu kilikuja cha pili. Ucheleweshaji wa haisi ndio uliotishia treni. Wakati wa kurudi, treni inakuja ya kwanza. Mama anaisubiri kituoni Dar es Salaam, anapanda, na akifika Morogoro anatafuta haisi. Haisi ni nyingi, kwa hiyo treni ikichelewa nusu saa, atakosa moja na kupanda nyingine.

Hii ndiyo kanuni ya tatu: chombo adimu kikiwa cha kwanza, hatari ni ndogo, kikiwa cha mwisho, hatari ni kubwa.

Hata hivyo, angalia saa. Haisi ambazo mchana hupita kila dakika 20, usiku zinakuwa chache. Tuseme treni ya jioni inafika Morogoro saa 12:00 jioni, na haisi ya mwisho ya Dumila huondoka saa 1:00 usiku. Kutoka Kihonda mpaka mahali pa kupandia kuna dakika kadhaa. Treni ikichelewa saa moja, haisi zimekwisha. Haisi iliyokuwa ya mara kwa mara mchana, usiku imegeuka kuwa adimu, tena iko mwisho. Kwa hiyo usiulize tu, "Kuna magari mangapi kwa siku?" Uliza, "Kuna magari mangapi saa ile nitakayofika mimi?"

Jihadhari na saa ya tiketi

Jambo moja limewaangusha hata watu wanaojua kusoma vizuri. Ratiba na tiketi nyingi huandikwa kwa saa 24, zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Ukiona 09:00, hiyo siyo saa tisa. Ni saa 3:00 asubuhi. Ukiona 15:00, hiyo ndiyo saa 9:00 alasiri.

Ukitaka kuibadili kuwa saa yetu, toa 6, lakini ikiwa chini ya 07:00 ongeza 6. Kwa mfano 09:00 toa 6 ni saa 3. Na 15:00 toa 6 ni saa 9. Ukipata 13 au zaidi, toa 12 tena: 20:00 toa 6 ni 14, toa 12 ni saa 2 usiku. Mtu anayesoma 09:00 kama saa tisa atafika saa 6 baada ya treni kuondoka.

Kabla ya kulipa

Nauli nayo ihesabiwe yote. Mwaka 2024 nauli ya treni ya kawaida kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilitangazwa kuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Lakini anayetoka Dumila hujumlisha na nauli ya haisi na bodaboda ya Kihonda. Kwa njia ya basi naye ajumlishe gari la kutoka Mbezi mpaka anakokwenda. Ulinganishe jumla kwa jumla. Tena uliza kituoni, kabla ya kulipa, tiketi inakuwaje ukiikosa treni, na milango hufungwa saa ngapi.

Na siku ya safari yenyewe, amua mapema saa ya kukata shauri. Mama ajiambie hivi akiwa bado nyumbani: "Saa 2:30 nikiwa sijaingia kituoni, sitabishana na mlinzi. Nakwenda Msamvu kupanda basi." Mtu asiyeamua mapema hupoteza nusu saa akiuliza huku na huku, na nusu saa hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki.

ZOEZI

Mkulima anataka kufika mjini kabla ya saa 8:00 mchana. Basi la moja kwa moja huondoka saa 1:00 asubuhi na kwenda saa 6. Njia ya pili ni daladala ya saa 1:00 asubuhi, inayokwenda saa 1 mpaka kivukoni. Kivuko huondoka saa 2:30 asubuhi, na kingine saa 6:30 mchana. Geti la kivuko hufungwa dakika 10 kabla. Kuvuka na kufika mjini ni saa 2.

1. Kwa basi atafika saa ngapi? Ana akiba gani?
2. Kwa kivuko cha kwanza atafika saa ngapi? Ameokoa muda gani?
3. Daladala ikichelewa dakika 15, atafika saa ngapi? Ikichelewa dakika 25 je?
4. Majirani wanasema daladala huchelewa zaidi ya dakika 20 mara nne katika safari kumi. Wewe ungemshauri njia gani?

MAJIBU

1. Saa 7:00 mchana. Akiba ni saa 1.
2. Saa 4:30 asubuhi. Ameokoa saa 2 na nusu.
3. Akichelewa dakika 15 atafika kivukoni saa 2:15, geti bado wazi, na mjini saa 4:30 vilevile. Akichelewa dakika 25 atafika saa 2:25, geti limefungwa. Atapanda kivuko cha saa 6:30 na kufika saa 8:30 mchana, amechelewa.
4. Apande basi, au atafute daladala ya mapema zaidi. Mara nne katika kumi ni nyingi mno kwa mtu aliye na saa maalum ya kufika.

Jibu la nne lijadilini darasani kwa kutumia safari za kijiji chenu. Andikeni ubaoni magari yanayopita, saa zake, na mara ngapi huchelewa. Mkifanya hivyo kwa wiki mbili, mtakuwa na ratiba ya kweli ya kijiji.